Nakala ya majaribio: jinsi ya kubadilisha duka la mtandaoni bila kupoteza oda

Tuseme kuna duka la nguo linalouza kupitia WordPress na WooCommerce. Kampuni inayohifadhi tovuti yake imetuma ujumbe kwamba PHP 7.4 inaondolewa, kila mteja ahamie toleo la 8. Mwenye duka akibonyeza tu, wateja wanaweza kukutana na maandishi "There has been a critical error on this website" badala ya magauni. PHP 8.0 ilifuta baadhi ya amri za zamani, kwa mfano `create_function()`, na plagini ya miaka mingi huenda bado inaziita.

Kwa hiyo fundi hutengeneza kwanza nakala ya majaribio. Hii ni tovuti pacha yenye faili zile zile na data ile ile, ila iko kwenye anwani yake, mathalani majaribio.duka.example. Ikivunjika huko, hakuna mteja anayejua.

Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zina kitufe cha kufanya kazi hiyo. Anayenakili kwa mkono ana mtego mmoja mbaya kuliko yote: faili ya `wp-config.php`. Ndani yake, mstari wa `DB_NAME` unataja hifadhidata inayotumika. Ukinakili faili na kusahau kubadilisha mstari huo, nakala inaendelea kuandika kwenye hifadhidata ya duka lenyewe. Mtu anafuta bidhaa "za majaribio" na zinapotea dukani kweli. Dawa ni kufungua faili zote mbili na kuhakikisha majina hayafanani kabla ya kugusa kitu kingine.

Hatua inayofuata ni kubadilisha anwani ndani ya hifadhidata ya nakala. Kutafuta na kubadilisha maneno moja kwa moja kwenye hifadhidata huharibu mambo, kwa sababu WordPress huhifadhi baadhi ya mipangilio pamoja na idadi ya herufi zake. Anwani ikirefuka na idadi ikabaki ya zamani, mpangilio huo hausomeki tena. Amri hii hurekebisha idadi yenyewe:

```
wp search-replace 'https://duka.example' 'https://majaribio.duka.example' --all-tables --dry-run
```

Ukiwa na `--dry-run` inahesabu tu bila kubadilisha. Hesabu ikileta maana, irudie bila neno hilo.

Kisha nakala inyamazishwe. Ina barua pepe za wateja wa kweli na funguo za malipo za kweli, kwa hiyo oda ya majaribio inaweza kukata pesa halisi, na fundi akichezea oda ya zamani mteja anatumiwa ujumbe asiouelewa. Zima utumaji wa barua pepe, weka malipo kwenye hali ya majaribio, na funga anwani nzima kwa nenosiri. Nenosiri linazuia pia Google isionyeshe duka mara mbili.

Sasa ndipo PHP inabadilishwa, kwenye nakala tu. Washa `WP_DEBUG` na `WP_DEBUG_LOG`, halafu nunua gauni moja mpaka mwisho: kikapu, usafiri, malipo, risiti. Kuangalia ukurasa wa mbele peke yake hakutoshi, maana plagini ya usafiri huenda haiamki mpaka mteja aandike mji anaoishi. Kosa likitokea, `wp-content/debug.log` itataja faili na mstari wake, na njia ya faili hiyo kwa kawaida huonyesha jina la plagini yenyewe.

Tuseme nakala ilitengenezwa Jumatatu, plagini mbovu ikapatikana na kubadilishwa, na kila kitu kikawa sawa Jumatano jioni. Katika siku hizo duka limepokea oda 36. Fundi akisukuma nakala nzima juu ya duka, hifadhidata ya Jumatatu inafunika ya Jumatano. Oda zote 36 zinafutika, wakati pesa zimeshaingia, na idadi ya nguo stoo inarudi nyuma. Wateja wataanza kupiga simu kuuliza mizigo ambayo mfumo hauijui.

Kwa hiyo hifadhidata ya nakala hairudi. Kinachorudi ni faili zilizobadilika, hapa plagini mpya. Mipangilio iliyowekwa kwenye nakala huandikwa pembeni, kisha huwekwa tena dukani kwa mkono. Inachosha, kweli, lakini oda zinabaki.

Kazi hiyo hufanywa saa ambazo duka lina wateja wachache, baada ya kuchukua bakapu mpya ya faili na hifadhidata. Plagini inatangulia, ila kwanza ithibitishwe kwamba inafanya kazi pia kwenye 7.4, halafu ndipo PHP inapandishwa. Gauni moja linanunuliwa tena, safari hii kwa pesa ya kweli. Likigoma, PHP inarudishwa 7.4 ikiwa kampuni bado inaruhusu, na hakuna oda iliyoguswa.