Juu ya Nyapara Kuna Nani?

Tangu kampuni ya Browns ya Sri Lanka iyachukue mashamba ya James Finlay mwaka 2023, kisha ya Lipton, wafanyakazi wa majani chai Kericho na Bomet wanaulizana: sasa nani ataripoti kwa nani?

Ngazi zenyewe ni za zamani. Brooke Bond na African Highlands walizileta miaka ya 1920, wakati wa mkoloni: mchumaji, nyapara, msimamizi, meneja. Unilever ilipoinunua Brooke Bond mwaka 1984, ilirithi na ngazi zake.

Mzee mmoja wa upande wa Bomet aliyewahi kuwa nyapara anaeleza kwa nini kikundi cha wachumaji hakiwezi kuwa kikubwa tu. Nyapara hupita mistarini akikagua vikapu. Jani kuukuu likichanganyika na majani mawili na chipukizi, kiwanda hulalamika. Mistari ikirukwa, zamu ijayo hukuta chai imekomaa. Kwa hesabu yake, kwenye mteremko macho ya mtu mmoja hutosha wachumaji thelathini hivi.

Tuseme shamba lina wachumaji 720. Kwa vikundi vya 30 unahitaji wanyapara 24. Ukiweka wasimamizi 4, kila mmoja ana wanyapara 6, na meneja ana watu 4 wa kuzungumza nao. Ukifuta wasimamizi, habari hufika kwa meneja upesi, lakini sasa ana wanyapara 24, na asubuhi yake huisha kabla hajawasikiliza wote. Ukiwapunguza wanyapara wawe 12, kila mmoja anabeba watu 60. Unaokoa mishahara, ila hasara utaiona kiwandani kwenye jani lenyewe.

Mashine za kuchuma zimevuruga hesabu hiyo, kwa kuwa kazi ya wengi hufanywa na kikosi kidogo. Hasira za kupotea kwa ajira zilifikia hadi mashine kuchomwa moto Kericho, Mei 2023.

Lakini jambo lililowauma watu zaidi lilitangulia. Februari 2023 BBC ilitoa filamu kuhusu wanawake wa mashamba ya chai waliodaiwa ngono ili wapate kazi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kupunguza ngazi kunatosha. Aliye juu yako ndiye anayekupangia kazi nyepesi au nzito, na malalamiko yako hupitia kwake. Ziwe ngazi mbili au tano, ya kwanza ni yeye yule. Nyapara mwenye watu 60 hata ana nguvu zaidi, kwani hakuna aliye karibu wa kumchunguza.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera kuhusu unyanyasaji wa kingono, ikieleza malalamiko yanapelekwaje. Njia hiyo inapaswa kuchorwa kando ya ngazi za kazi, hadi kwa mtu asiyempangia mchumaji mistari wala asiyempimia majani. Wamiliki wapya wanapopanga upya mashamba, wachumaji waonyeshwe mtu huyo ni nani na anapatikana wapi.