Madai ya bima baada ya mafuriko Bujumbura: kuhesabu bidhaa kwa kutumia picha

BUJUMBURA – Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilibomoa nyumba kaskazini mwa mji, hasa Kamenge na Kinama, na kuua zaidi ya watu 60. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba, njia kuu ya malori ya kwenda Uvira. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia maeneo ya chini yaliyo karibu na ufuo. Kwa mfanyabiashara mwenye ghala swali linabaki lile lile: daftari likiloa, atathibitishaje alikuwa na mali kiasi gani?

Kwanza asome mkataba. Mara nyingi mafuriko huwa ni nyongeza inayolipiwa juu ya bima ya moto, hivyo asiyeilipia hana dai. Aangalie pia kama mkataba unatenganisha mvua ya ghafla na ziwa linalopanda polepole, kwani sababu atakayoandika ndiyo itakayopimwa. Idadi ya siku za kutoa taarifa imeandikwa humo, na huwa ni chache. Barua ya kwanza itaje tu namba ya mkataba, mahali, siku, saa na sababu. Hesabu inaweza kufuata baadaye. Kampuni za bima Burundi hufanya kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo barua iandikwe kwa lugha hiyo.

Jinsi ya kuhesabu

Picha huonyesha uso wa mbele wa mrundo tu. Kina lazima kithibitishwe kwa njia nyingine, kama picha ya ubavuni au vipimo vya sakafu. Tuchukue mfano wa ghala la mchele Buyenzi, magunia ya kilo 25. Picha iliyopigwa siku tatu kabla ya mvua inaonyesha magunia 8 kwa upana na tabaka 12 kwenda juu. Sakafu ina kina cha mita 3.2 na gunia lina urefu wa sentimita 80, kwa hiyo kuna safu 4. Picha ya ubavuni inaonyesha safu ya nyuma ina tabaka 6 tu. Hesabu ni 8 × 12 × 3, yaani 288, kujumlisha 48: jumla magunia 336.

Hati za forodha zinaonyesha magunia 400 yaliingia, na risiti zinaonyesha 70 yaliuzwa. Yanabaki 330. Barua ichukue 330, namba iliyo ndogo, na ieleze kwamba picha ilitoa 336. Tofauti ndogo iliyoelezwa huaminika kuliko namba mbili zinazolingana kupita kiasi.

Alama ya maji ukutani iko sentimita 60, na gunia lina unene wa sentimita 15. Tabaka 4 zilizama: 8 × 4 × 4, yaani magunia 128. Tabaka la tano, magunia 32, huvuta unyevu kutoka chini. Hayo yaandikwe peke yake, yasubiri mkaguzi wa bima ayafungue.

Bei

Fidia hurudisha gharama, si faida. Bei itakayoandikwa ni ya ununuzi pamoja na usafiri, upakuaji na ushuru. Tuseme imefika faranga 90,000 kwa gunia: magunia 128 ni faranga 11,520,000. Lakini mali yote ilikuwa ya faranga 29,700,000. Kama bima ilikatwa kwa robo tatu tu ya thamani hiyo, kwa kawaida na fidia hupunguzwa kwa kiwango hicho: faranga 8,640,000, kabla ya kuondoa kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe.

Yanayoharibu dai

Kosa la kwanza ni kutupa mali kabla ya mkaguzi kufika. Ikiwa imeoza na lazima iondolewe, ipigwe picha pamoja na futi ya kupimia, mkuu wa mtaa ashuhudie kwa maandishi, na sampuli zihifadhiwe. La pili ni kutuma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwani tarehe iliyo ndani ya faili hupotea. Faili halisi libaki kwenye simu na nakala yake itumwe kama hati. La tatu ni kudhani kwamba karatasi zikiloa ushahidi umekwisha. Nakala za tamko la forodha zinaweza kuombwa kwa wakala wa forodha au OBR, na msafirishaji huwa na hati yake ya mzigo.

Mwisho wa barua uwe na sentensi moja ya wazi: kwamba idadi imekadiriwa kwa picha, ni picha zipi, na zilipigwa lini. Makadirio yakifichwa na mkaguzi akayagundua, hata magunia ya kweli yatatiliwa shaka.