Miksi Huvuka, Haitafsiriwi

Katika rasimu ya istilahi za studio niliyopewa niipitie, dhana ya miksi kusikika sawasawa kwenye spika yoyote imepewa jina "tafsiri ya miksi". Nalikataa jina hilo, na sababu zangu ni za lugha na za kazi pia.

Waliokaa kikao cha kuandaa rasimu hiyo walilitazama neno la Kiingereza "translation" wakaona ndilo linalotumika kwa kazi ya mfasiri, wakaishia hapo. Hawakuchimba hadi kwenye shina. Shina ni la Kilatini, na maana yake ni kubeba kitu hadi upande wa pili. Kiingereza kililichukua kwa kazi ya lugha, kisha mafundi wa sauti wakalirudisha karibu na maana yake ya kwanza. "Tafsiri" ni la Kiarabu na asili yake ni kufafanua, ndiyo maana tafsiri ya Kurani ni ufafanuzi wa aya. Spika ya simu haifafanui chochote. Inapitisha au inazuia.

Na Kiswahili hakijapungukiwa. Tuna kuvuka, kuvusha, kivuko. Anayepanda pantoni Magogoni hushuka Kigamboni akiwa yuleyule, na mzigo wake ukiwa mzima. Ndicho tunachokitaka kwa miksi, kwa hiyo nasema "mvuko wa miksi", na kazi ya kuukagua kabla wimbo haujatoka ni "jaribio la mvuko". Mjumbe mmoja alipinga kwamba litachanganywa na "mvuke". Irabu ya mwisho inatosha kutenganisha mbega na mbegu, itatosha na hapa. Wengine wanapendekeza "upimaji kwa vifaa hafifu". Hilo linataja kifaa na kusahau kinachopimwa.

Ubora wa neno huonekana kazini. Chukua wimbo wa bongo fleva wenye besi laini ya 808, noti yake ya chini ikiwa hezi 49. Kwenye spika kubwa za studio besi inatikisa kiti. Spika ya simu hudhoofika sana chini ya hezi 300 au 400 hivi, kwa hiyo besi hiyo haivuki kabisa, na wimbo unabaki sauti ya mwimbaji na makofi. Prodyuza mwenye haraka hupandisha besi mpaka aisikie kwenye simu. Haisikii, anaongeza tena, na siku wimbo ukipigwa kwenye gari besi inamfunika mwimbaji.

Dawa ni kuipa besi kitu kinachoweza kuvuka. Sikio likipata vizidisho vya hezi 49, yaani 98, 147, 196 na kuendelea juu, hutambua noti ya chini hata kama yenyewe haipo. Besi laini ina vizidisho vichache mno. Basi nakili traki ya besi, nakala uikwaruze kwa distoshani, halafu uikate kwa filta chini ya hezi 200, uichanganye taratibu chini ya besi halisi. Mpangilio huo usigeuzwe. Ukikata kabla ya kukwaruza, filta itaondoa karibu kila kitu na distoshani haitakuwa na cha kukwaruza. Utajua umefaulu pale simu itakapokuonyesha mwendo wa besi huku kwenye spika kubwa usione badiliko la maana.

Kuna na kinachozama kwa sababu nyingine. Sauti za kiitikio zilizotanuliwa kushoto na kulia kwa kugeuza mawimbi ya upande mmoja hufutana zikiunganishwa kwenye simu ya spika moja, na kiitikio hubaki chembamba. Bonyeza kitufe cha mono studio na utalibaini hilo kabla ya kuigusa simu.

Kuhusu kufanya jaribio lenyewe la mvuko, kwa ufupi: tuma faili kwa simu kama dokumenti ili isibanwe njiani, zima ikwalaiza na vikorombwezo vya simu, weka sauti nusu, na usikilize ukibadilishana na wimbo uliokwisha kutoka ambao unauamini, nyimbo zote mbili zikiwa na ukubwa mmoja wa sauti. Kisha rudia kwa iafoni za bei rahisi. Hizo huwa na ugonjwa wa kinyume: nyingi huvimbisha besi na kuchoma masikio katikati ya hezi 2,000 na 5,000, kwa hiyo hapo msikilize mwimbaji anapopaza sauti, na herufi "s" juu kidogo ya hapo. Kasoro ikijitokeza kwenye iafoni moja tu, iache, ni tabia ya kifaa. Ikijitokeza kwenye iafoni na kwenye simu pia, miksi haijavuka, na sentensi hiyo kila fundi ataielewa bila kamusi. Ningependa kumsikia mjumbe yeyote wa kikao kile akimwambia fundi kwamba miksi yake "haijatafsirika", na fundi ajue ni kitufe gani aanze nacho.