Gia za mkono, mafuta ya automatiki? Namna ya kutambua mafuta yanayofaa giaboksi ya gari

Barabara itokayo Voi kuelekea Mwatate hupita tambarare yenye joto kali, kisha hupinda na kuanza kupanda milima ya Taita hadi Wundanyi. Voi iko takribani mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali Wundanyi imepita mita 1,300. Gari lililojaa abiria na mizigo hulazimika kutumia gia za chini kwa muda mrefu katika mwinuko huo, na hapo ndipo mafuta yasiyofaa ndani ya giaboksi hujitokeza: gia hugoma kuingia, giaboksi hulia, au gari hunguruma bila kusogea.

Aghalabu kosa huanzia dukani. Mteja huulizwa kama gari lake ni la mkono au la automatiki, naye akijibu hukabidhiwa chupa. Jibu hilo hutosha kwa magari mengi, lakini si kwa yote. Yapo magari ya gia za mkono ambayo mtengenezaji wake ameagiza yatiwe mafuta mekundu ya automatiki, na mojawapo ni Land Rover, gari lililotumika kwa miaka mingi pembezoni mwa mbuga za Tsavo.

Kazi mbili tofauti

Giaboksi ya mkono ni sanduku la meno ya chuma yanayosukumana. Kazi kubwa ya mafuta humo ni kutenganisha meno hayo yasisagane. Kwa hivyo mafuta yake huwa mazito, na huongezwa kemikali za salfa na fosforasi zinazobaki juu ya chuma hata mgandamizo unapokuwa mkubwa. Salfa hiyo ndiyo huyapa harufu kali inayofahamika na kila fundi. Kwenye chupa huandikwa namba kama 75W-90 au 80W-90, pamoja na GL-4 au GL-5.

Giaboksi ya automatiki haina klachi ya mguu. Pampu iliyo ndani yake husukuma mafuta katika njia nyembamba, na msukumo huo ndio unaobana sahani zinazoshika na kuachilia gia. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayopeleka nguvu kutoka kwenye injini hadi kwenye giaboksi, na ndiyo yanayoondoa joto. Kwa sababu hiyo ni mepesi, na kemikali zake hupimwa ili sahani zishike kwa kiasi maalumu, bila kuteleza wala kushtuka. Huitwa ATF, na chupani hufuatwa na jina la kiwango, kama vile Dexron III au Type T-IV.

Mafuta yakishapata moto wa kazini, yale ya 75W-90 huwa mazito takribani maradufu ya ATF. Yakiwa baridi, tofauti hiyo huongezeka zaidi. Hata hivyo, namba 90 isimtishe mtu akadhani ni mazito mno kuliko mafuta ya injini ya 40. Vipimo vya mafuta ya gia na vya injini ni tofauti, na kwa uzito halisi mafuta hayo mawili hukaribiana.

Rangi si shahidi wa kutegemewa

ATF nyingi hutiwa rangi nyekundu ili zitambulike, nayo mafuta ya gia huwa na rangi ya asali. Tone la ATF likidondoshwa kwenye karatasi nyeupe husambaa upesi, ilhali tone la mafuta ya gia hukaa palepale kwa muda. Fundi akiyasugua vidoleni na kuyanusa, huweza kuyatofautisha bila shida.

Lakini jaribio hilo huonyesha tu mafuta yaliyomo, halionyeshi yanayopaswa kuwamo. Gari likiwa limepita mikononi mwa wamiliki watatu, huenda mafuta yanayomwagika yalitiwa kimakosa na fundi wa mwanzo, na kila aliyefuata akaiga. Isitoshe, ATF iliyotumika sana hugeuka hudhurungi, na magari mengi hutumia mafuta mekundu ya aina hiyo katika usukani pia. Tone jekundu chini ya gari basi si lazima liwe limetoka kwenye giaboksi.

Pa kusoma ukweli

Hatua ya kwanza ni kuitambua giaboksi yenyewe. Pedali tatu humaanisha gia za mkono. Pedali mbili na herufi P, R, N na D humaanisha automatiki, ingawa hapo pana mtego. Magari ya CVT nayo yana herufi hizo hizo, lakini ndani yake mna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya pulii mbili. Mkanda huo huhitaji mafuta yake maalumu ya CVT, na ATF ya kawaida yaweza kuuacha uteleze na kukwaruza pulii.

Toyota Probox ni mfano mzuri. Zile za petroli zilizoundwa tangu 2002 zilikuwa na gia za mkono au automatiki ya gia nne. Baada ya mabadiliko ya 2014 zikaja na CVT. Kwa hivyo Probox mbili zenye pedali mbili zilizoegeshwa pamoja katika steji ya Voi zaweza kuhitaji mafuta tofauti kabisa.

Hatua ya pili ni kusoma bamba la chuma ambalo Toyota hubandika chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Bamba hilo lina mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, na kando yake mna jina la giaboksi. U340E, mathalan, ni automatiki, na K310 ni CVT. Jina hilo pamoja na namba ya chasisi ndivyo mwenye gari anavyopaswa kumpa muuza vipuri, badala ya kutaja modeli peke yake.

Hatua ya tatu ni kijiti cha kupimia mafuta. Automatiki nyingi za zamani zina kijiti hicho, na juu yake hupigwa chapa ya jina la mafuta. Giaboksi ya mkono kwa kawaida haina kijiti, bali ina kizibo ubavuni, na mafuta hupaswa kufikia ukingo wa chini wa tundu hilo gari likiwa limesimama mahali tambarare. Baadhi ya automatiki mpya pia hazina kijiti, hivyo kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba gari ni la mkono.

Mwisho ni kitabu cha gari. Hata kikiwa cha Kijapani, namba na viwango kama 75W-90 au GL-4 huandikwa kwa herufi na tarakimu zinazosomeka na kila mtu. Ikiwa kitabu kinataja GL-4, mafuta ya GL-5 yasitiwe kwa kudhaniwa kuwa ni bora kwa sababu namba ni kubwa. GL-5 ilibuniwa hasa kwa ajili ya difu. Kemikali zake nyingi zaweza kula pete za shaba zinazolainisha uingiaji wa gia katika giaboksi za mkono za zamani.

Kisa cha Land Rover

Chukulia mwenye Land Rover One Ten ya injini ya dizeli ya mitungi minne, yenye gia tano za mkono. Modeli hiyo ilianza kuuzwa 1983 ikiwa na giaboksi iitwayo LT77. Kila asubuhi yenye baridi Wundanyi, gia ya pili hugoma. Dereva hulazimika kusubiri au kuisukuma kwa nguvu, lakini akishateremka hadi Mwatate gia huingia bila matata. Fundi mmoja ashauri klachi ibadilishwe.

Dalili hiyo ya kugoma kukiwa baridi na kulegea kukiwa na moto huelekeza kwenye mafuta kabla ya klachi. Ili gia iingie, pete ya shaba hulazimika kukata utando wa mafuta na kushika chuma. Mafuta yakiwa mazito mno, utando haukatiki upesi. Yakipata moto huwa mepesi na pete hushika.

Kizibo kikifunguliwa, yatoka mafuta mazito yanayonuka salfa. Aliyeyatia alifikiri kwamba gia ni za mkono, hivyo zitiwe 90. Lakini LT77 iliagizwa kutiwa ATF ya kiwango cha Dexron. Ndani yake mna pampu ndogo inayopandisha mafuta hadi kwenye shafti, na mafuta mepesi hufika upesi zaidi gari linapowashwa.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba nyuma ya giaboksi hiyo imefungwa ya pili, LT230, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Hiyo hutiwa mafuta mazito ya gia, sawa na difu. Vizibo vyao viko karibu karibu, na mtu aliyelala chini ya gari aweza kuvikosea kwa urahisi.

Kazi basi hufanywa hivi. Gari huendeshwa kidogo ili mafuta yapate moto, kisha huegeshwa mahali tambarare. Kizibo cha kujazia hufunguliwa kwanza, kabla ya kile cha kumwagia, kwani kizibo cha juu kikigoma baada ya mafuta kwisha kumwagwa, gari haliwezi kuondoka. LT77 huchukua takribani lita 2.2, na LT230 lita 2.3. Kwa kuwa mabaki ya mafuta mazito hunata ndani, ATF ya kwanza hutiwa, gari likaendeshwa siku chache, kisha ikamwagwa na kutiwa nyingine. Gia ikiendelea kugoma baada ya hapo, ndipo klachi na pete zichunguzwe.

Ikiwa baadaye mafuta mekundu yataonekana ndani ya LT230, au giaboksi moja ikapungua ilhali ya pili inafurika, sili iliyo kati yao imechoka. Kubadilisha mafuta peke yake hakutaponya hilo.

Kosa likishafanyika

ATF ikitiwa katika giaboksi ya mkono inayohitaji mafuta mazito, gari huenda likatembea vizuri mwanzoni, hata gia zikawa laini. Madhara hujificha: meno huanza kulia yakibeba mzigo mlimani, kisha beringi huchakaa. Hapo mafuta humwagwa yote na kutiwa yanayofaa mapema iwezekanavyo.

Mafuta ya gia yakitiwa katika automatiki, hatari huwa ya papo hapo. Vijia vyembamba huzibwa na uzito, nazo sahani huteleza na kuungua. Injini isiwashwe. Ikiwa haijawashwa, mafuta mengi bado yako kwenye karai la chini na yaweza kumwagwa. Ikiwa imewashwa, pampu imekwisha kuyasambaza, na kufungua kizibo mara moja hakutayatoa yote, kwani sehemu kubwa hubaki ndani. Itabidi giaboksi ioshwe kwa kumwaga na kujaza ATF mara kadhaa, nalo gari lifikishwe gereji kwa kubebwa juu ya lori, si kwa kuendeshwa.

Baada ya kazi, jina la giaboksi, aina ya mafuta na tarehe huandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa chini ya boneti. Fundi atakayefuata, awe wa Voi au wa Taveta, hatakuwa na haja ya kukisia kwa kuangalia hendeli ya gia.