Wastani usiokuwepo

Wastani hudhaniwa kuwapo popote penye tarakimu za kujumlisha. Mnara wa taa wa bandari ya Jedda, wenye urefu wa mita 133, unatosha kuitikisa dhana hiyo. Ichukuliwe kwamba taa yake inamulika pande zozote kwa bahati nasibu, na kilomita moja mbele yake pana ukuta mnyoofu usio na mwisho (dunia, kwa ajili ya hesabu, iwe bapa). Nusu ya miali inayofika ukutani hutua ndani ya kilomita moja kutoka sehemu iliyo karibu zaidi na taa. Lakini mwali mmoja katika kila 1,300 hivi huvuka kilomita 850, yaani umbali wa Jedda hadi Riyadh.

Huu ndio mtawanyo wa Cauchy. Vipimo vikiongezwa mara kumi, kilicho kikubwa kuliko vyote nacho huelekea kukua mara kumi, kwa hiyo kugawanya kwa idadi hakukimezi. Wastani wa miali milioni huyumba sawasawa na mwali mmoja: ukichorwa, hutulia kitambo, kisha huruka ghafla. Kipimo cha katikati, kinachoacha nusu ya miali kila upande, hutulia bila taabu.