Mfereji wa umwagiliaji: Fizi na Baraka

Kwenye ukanda wa Baraka, kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, usanifu wa mfereji wa wakulima wadogo uanzie shambani. Tuchukue hekta 20 za mpunga: kwa lita 1.5 kwa sekunde kila hekta, zinahitaji lita 30; asilimia 30 ikipotea njiani, mdomo wa mfereji upokee lita 43. Mteremko wa mita 1 kwa mita 1,000 huyapeleka maji bila kuchimbua udongo. Penye mwinamo mkali zijengwe ngazi za mawe. Wanaotaka saruji mfereji mzima husema inazuia uvujaji. Ni kweli penye mchanga. Penye mfinyanzi, fedha hiyo ijenge kwanza masanduku ya kugawia maji, kwani saruji haimzuii mkulima wa juu kuchota kupita zamu yake.