Irabu Saba, Herufi Tano: Jinsi Kikuyu Kilivyopata Tahajia Yake

Kikuyu, lugha ya wakazi wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Kirinyaga katikati ya Kenya, kina irabu saba. Wamisionari walioanza kukiandika mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja na alfabeti ya Kirumi yenye herufi tano za irabu, na lugha ya Kiafrika ambayo wengi wao walikuwa wameshaizoea, yaani Kiswahili, ilitosheka nazo kabisa. Historia ya tahajia ya Kikuyu kwa sehemu kubwa ni historia ya irabu mbili zilizobaki bila herufi.

Hasara ya kukosa herufi hizo inaonekana katika vitenzi vitatu vya kila siku. Kupika ni kũruga, kuruka ni kũrũga, na kuroga ni kũroga. Vinatofautiana kwa irabu moja tu ya mzizi: u ya kwanza hutamkwa kama u ya Kiswahili, ũ iko chini yake kidogo na humwendea msikilizaji mgeni kama o, na o ya tatu ni pana zaidi, mdomo ukiwa wazi kuliko katika o ya Kiswahili. Upande wa mbele wa kinywa mpangilio ni huohuo. Kũrĩra ni kulia machozi, kũrera ni kulea mtoto. Irabu ya ĩ husimama kati ya i na e, na sikio lisiloizoea huitupa upande wowote.

Maneno ya namna hii, yanayofanana kwa kila sauti isipokuwa moja na bado yana maana tofauti, ndiyo kipimo cha kwanza cha yeyote anayetunga tahajia. Hukusanya maneno mengi kutoka kwa wasemaji, huyapanga mawilimawili, na kila tofauti ya sauti inayobadilisha maana huihesabu kuwa fonimu moja. Tofauti isiyobadilisha maana huachwa, hata kama sikio linaisikia wazi. Kanuni ya herufi moja kwa kila fonimu hutoka hapo: herufi zisipungue idadi ya fonimu, wala zisizidi.

Kabla ya kanuni hiyo kutumika, kila mgeni aliandika alichosikia, na mabaki ya enzi hiyo bado yako kwenye ramani. Mji ambao wenyeji huuita Nyĩrĩ uliandikwa Nyeri, kwa kuwa ĩ ya kwanza ilisikika kama e. Mlima Kĩrĩnyaga, wenye irabu ileile, ukaandikwa Kirinyaga, kwa kuwa safari hii ilisikika kama i. Johann Ludwig Krapf, aliyeuona mlima huo mwaka 1849 akiwa Ukambani, alilipokea jina lake kutoka kwa Wakamba, ambao lugha yao nayo ina irabu saba, na katika maandishi yake irabu ya kwanza ikawa e. Jina la nchi ya Kenya, lililotokana na la mlima huo, limebeba uamuzi huo wa sikio hadi leo.

Dawa iliyokubalika katika vitabu vya Kikuyu ilikuwa kuongeza alama ya kiwimbi juu ya herufi mbili, zikapatikana ĩ na ũ. Katika Kireno alama hiyo huonyesha sauti inayopitia puani. Katika Kikuyu haina uhusiano wowote na pua. Imeazimwa kama alama tu ya kuitenga irabu moja na jirani yake. Agano Jipya lilitoka mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1951, na kwa wasomaji wengi vitabu hivyo vya kanisa ndivyo vilivyokuwa shule yao ya tahajia.

Konsonanti hazikuleta taabu kubwa, lakini zinaonyesha vizuri maana ya kuandika fonimu badala ya kuandika kila sauti. Herufi b ya Kikuyu, ikisimama peke yake, hutamkwa kwa midomo miwili isiyofungana sawasawa, pumzi ikipita katikati. Ikifuata m, kama katika mbura, yaani mvua, midomo hufunga na b huwa kama ya Kiswahili. Kwa sikio hizo ni sauti mbili, ila hakuna mahali zinaposhindana: moja huja baada ya m, nyingine kwingineko. Herufi moja inatosha, na msemaji huibadilisha bila kufikiri. Herufi c nayo hutamkwa na wengine karibu na sh na wengine karibu na s, kulingana na eneo, na kwa kuwa tofauti hiyo haigusi maana, watu wa maeneo yote wanaandika c na kila mmoja anaisoma kwa namna ya kwao.

Hali ni tofauti kwa k na g. Kiambishi cha vitenzi ni kũ- katika kũrĩma, yaani kulima, lakini huwa gũ- katika gũtema, yaani kukata, kwa sababu k ya kiambishi hulegea na kuwa g inapofuatwa na silabi inayoanza na t, k, c au th. Mtu angeweza kusema kiambishi ni kimoja, basi kiandikwe kwa namna moja. Tatizo ni kwamba kwingine katika lugha k na g ni fonimu mbili kamili, na msomaji amezoea kutamka kila moja ilivyo. Tahajia ikafuata sauti. Ndiyo sababu wenyeji huandika Gĩkũyũ, huku Kiswahili na Kiingereza vikibaki na Kikuyu.

Hata hivyo kanuni haikufuatwa kwa ukali. Sauti za th, ny na ng' zimepewa herufi mbili au zaidi. Mtaalamu wa kanuni safi angezipinga, lakini th haimchanganyi msomaji, kwa kuwa t na h hazifuatani popote pengine katika Kikuyu. Ng' ilihitaji ritifaa kwa sababu iliyo wazi kwa msomaji wa Kiswahili: bila ritifaa, ng tayari ilikuwa na kazi yake.

Wakati vitabu vya Kikuyu vikienea, London kulikuwa na mpango mwingine. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa mwaka 1926, ilitoa mwongozo wa tahajia za lugha za Afrika na kuuchapisha upya mwaka 1930. Diedrich Westermann, mtaalamu Mjerumani wa lugha za Afrika Magharibi, alikuwa na mkono mkubwa ndani yake. Mwongozo huo ulizipinga alama za juu na chini ya herufi. Alama hizo huchosha macho, mwandishi mwenye haraka huziruka, na mpiga chapa huzikosea. Badala yake fonimu ipewe herufi kamili yenye umbo lake: ɛ kwa e pana, ɔ kwa o pana, ŋ kwa ng'. Kiewe cha Ghana na Togo kilizipokea herufi za aina hiyo na bado kinazitumia.

Kikuyu nacho kilipimwa kwa mizani hiyo. Lilias Armstrong, mtaalamu wa fonetiki katika Chuo Kikuu cha London, alikichunguza miaka ya 1930 akisaidiwa na msemaji mmoja aliyekuwa akiishi huko, Jomo Kenyatta. Armstrong alifariki mwaka 1937, na kitabu chake kuhusu sauti na toni za Kikuyu kikatoka mwaka 1940. Irabu saba alizipanga hivi: i, e, ɛ, a, ɔ, o, u. Katika mpango huu, ĩ ya wamisionari ni e ya kawaida, ũ ni o ya kawaida, na herufi mpya zinaziendea irabu pana mbili. Kenyatta mwenyewe, katika dibaji ya kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, alieleza kwamba Kikuyu ni tahajia yenye kosa, kwamba sahihi ni Gikuyu, na kwamba kwa kufuata sauti barabara ingekuwa Gekoyo.

Umbo hilo la Gekoyo linachekesha macho yaliyozoea tahajia ya sasa, lakini lina hoja nzito nyuma yake. Irabu za ĩ na ũ ndizo zilizojaa katika viambishi: mũ-, kĩ-, kũ-, tũ-, nĩ-. Karibu kila sentensi inazo kadhaa. "Mwanamke anakwenda shambani" inaweza kuandikwa Mũtumia nĩarathiĩ mũgũnda: maneno matatu, viwimbi vitano. Kwa herufi za Armstrong sentensi hiyohiyo ingekuwa motumia nearathie mogonda, bila alama wala herufi ngeni hata moja, maana ɛ na ɔ hujitokeza zaidi katika mizizi kuliko katika viambishi. Wamisionari walipata idadi sahihi ya irabu, ila mzigo wa alama waliubebesha irabu zinazotumika mno. Kwa mtunzi wa tahajia hilo ni kosa la hesabu: kabla ya kugawa herufi, angepaswa kuhesabu ni fonimu zipi zinazorudiwa zaidi.

Mpango wa London ulikuwa bora kwenye karatasi, lakini haukuchukua nafasi ya ule wa awali. Kufikia mwaka 1940 Agano Jipya lilikuwa mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka kumi, na aliyejifunza kusoma e kama irabu pana angelazimika kujifunza upya herufi ileile kwa sauti nyingine. Tena kiwimbi kina nafuu moja ambayo ɛ haina: mashine ya chapa ikikikosa, kalamu hukiongeza, na hata kisipoongezwa herufi iliyobaki inasomeka.

Nafuu hiyohiyo ndiyo udhaifu. Kwa kuwa kiwimbi kinaweza kuachwa, kinaachwa. Wanjikũ huwa Wanjiku kwenye hati, Mũthoni huwa Muthoni, na katika ujumbe wa simu kupika na kuruka hurudi kuwa neno moja, kuruga. Msomaji huokolewa na muktadha.

Kuna jambo ambalo hata kiwimbi kikiwekwa kila mahali hakiligusi. Kikuyu ni lugha ya toni, na toni haiandikwi. George Clements na Kevin Ford walionyesha mwaka 1979 kwamba toni ya silabi katika Kikuyu husikika ikiwa imesogea silabi moja mbele, hivyo toni za neno hutegemea pia neno lililotangulia. Kuweka alama za toni zinazosikika kungefanya neno moja liandikwe kwa sura tofauti kila linapohamia sentensi nyingine. Urefu wa irabu unaweza kuonyeshwa kwa kurudia herufi, lakini waandishi hawalingani katika hilo.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika riwaya yake ya kwanza ya Kikuyu gerezani Kamiti mwaka 1978, alilalamikia jambo hilo waziwazi. Aliandika aya jioni akiwa na hakika ya maana yake, kisha alipoirudia akakuta inaweza kusomwa kwa namna nyingine. Hakubuni herufi mpya. Alijibana kwenye sentensi, akayapanga maneno yakilindana hata maana ya pili isipate pa kuingilia, na riwaya ikatoka mwaka 1980 kwa tahajia ileile ya viwimbi, ambayo ndiyo inayotumika katika vitabu vya Kikuyu mpaka sasa.